Dakika sita za Bern: muda wa kusimama stesheni, muda wa kubadilisha treni, na abiria anayeachwa

Abiria anayetoka Zurich kwenda Interlaken, chini ya milima ya Alps nchini Uswisi, kwa kawaida hubadilisha treni mjini Bern. Katika muundo wa ratiba uliozoeleka huko kwa miaka mingi, treni yake huondoka Zurich dakika ya 2 baada ya saa na kufika Bern dakika ya 58. Treni ya Interlaken huondoka Bern dakika ya 4 ya saa inayofuata. Baina ya kufika na kuondoka kuna dakika 6, na ndani ya dakika hizo abiria anatakiwa kushuka, kutafuta jukwaa jingine, kupita njia ya chini kwa chini, kupanda tena na kuwa ndani ya behewa kabla milango haijafungwa.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu dakika hizo 6 hazikutokea kwa bahati, na wala hazikupatikana kwa kumuuliza abiria anahitaji muda gani. Zilipangwa miaka mingi kabla ya reli yenyewe kujengwa. Anayezielewa ataelewa pia kwa nini treni inaweza kuhesabiwa kuwa imefika kwa wakati huku mtu aliyekuwa ndani yake akibaki amesimama jukwaani.

Tuanze na hesabu ya mpangaji ratiba. Tarehe 23 Mei 1982 Waswisi walianza kutumia nchi nzima ratiba inayojirudia kila saa, ambapo treni ikiondoka dakika fulani saa hii, itaondoka dakika hiyo hiyo kila saa hadi usiku. Mradi uliofuata, ulioitwa Reli 2000, wananchi waliuridhia kwa kura ya maoni tarehe 6 Desemba 1987. Wazo lake lilikuwa kwamba katika miji mikubwa, ambayo wapangaji huiita vitovu, treni kutoka pande zote zifike dakika chache kabla ya saa kamili au nusu saa, zikae pamoja kwa muda mfupi, kisha zitawanyike dakika chache baadaye. Kwa dakika hizo chache, kila treni inakutana na kila treni, na abiria wa upande wowote anaweza kuelekea upande wowote.

Ili jambo hilo liwezekane, safari kati ya vitovu viwili haiwezi kuchukua muda wowote tu. Muda wa kutembea kwa treni, ukijumlishwa na nusu ya muda wake wa kusimama katika kila mwisho, lazima ulingane na nusu saa, saa moja, saa moja na nusu, na kuendelea. Kutoka Zurich hadi Bern treni ilikuwa ikitumia dakika 69, na dakika 69 hazina faida kwa kitovu, kwa sababu treni inafika wakati wenzake wameshaondoka. Hivyo ikajengwa reli mpya ya kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, iliyosanifiwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, na ratiba mpya ilipoanza tarehe 12 Desemba 2004 safari ikawa dakika 56. Ukiongeza dakika 2 za upande wa Zurich na dakika 2 za upande wa Bern, unapata 60 kamili. Hakukuwa na sababu ya kugharimia reli ya kufika kwa dakika 45, kwa kuwa abiria wa kuunganisha angefika mapema na kusubiri treni ile ile. Hapa ndipo wengi wanaoshangilia kasi huteleza: katika mtandao wa namna hii, kasi inayotakiwa ni ile inayotosha kuiwahi saa, na inayozidi hapo humfaa yule tu anayeshuka pale pale.

Sasa tuingie stesheni. Muda wa kusimama wa treni kwenye kituo kidogo cha njiani huamuliwa na milango. Mpangaji huhesabu sekunde za milango kufunguka na kufungwa, sekunde za kuhakikisha kuwa hakuna aliyebanwa, sekunde za kupata ruhusa ya kuondoka, na katikati yake huweka muda wa watu kushuka na kupanda. Watu wasio na mizigo hupita mlango mmoja kwa kasi ya karibu mtu mmoja kwa sekunde, na wenye masanduku wanaweza kutumia sekunde mbili kila mmoja au zaidi. Lakini kosa la kawaida ni kugawa idadi ya abiria kwa idadi ya milango na kuchukua wastani. Treni haiondoki mlango wa wastani ukiwa tupu, huondoka mlango uliojaa kuliko yote ukiwa tupu, na mlango huo karibu kila siku ni ule unaosimama mbele ya ngazi, kwa kuwa wasafiri wazoefu wamekwisha kujipanga hapo tangu walikotoka.

Tuchukue mfano wa treni ndefu yenye milango 20 upande wa jukwaa, na abiria 500 wanaoshuka Bern. Wastani ni watu 25 kwa mlango, lakini katika mlango wa karibu na ngazi tuseme wanashuka 45. Kwa sekunde moja na nusu kila mmoja, wa mwisho anakanyaga jukwaa baada ya sekunde 68 hivi. Baada yake wanapanda 25 wenye mizigo, kwa sekunde 2 kila mmoja, yaani sekunde 50. Ongeza sekunde 30 za milango na taratibu za kuondoka, unapata dakika mbili na nusu kasoro kidogo. Hayo ndiyo mahitaji halisi ya mlango. Ukisimama jukwaani na saa mkononi utauona mlango huo kwa urahisi: mama mwenye kigari cha mtoto anasaidiwa kukishusha, nyuma yake watu wameganda ngazini mwa behewa la ghorofa, na mlango wa behewa la tatu kutoka hapo umekwisha kuwa tupu tangu sekunde ya ishirini.

Lakini treni ya Interlaken haisimami Bern dakika mbili na nusu. Inatoka Basel, inafika Bern dakika ya 56 na kuondoka dakika ya 4, hivyo inakaa dakika 8. Abiria wa Basel aliyekaa kitini anaweza kujiuliza treni inangoja nini wakati kila mtu ameshapanda. Inamngoja yule wa Zurich. Hili ndilo jambo la msingi katika kisa chetu: ndani ya kitovu, muda wa kusimama wa treni moja ndio muda wa kubadilishia wa abiria wa treni nyingine. Huwezi kupunguza mmoja bila kumnyang'anya mwingine. Anayependekeza kwamba treni ya Basel iokoe dakika 4 kwa kuondoka mapema anasema, pengine bila kujua, kwamba wa Zurich na aingojee treni inayofuata.

Na zile dakika 6 za wa Zurich, je, zinatosha? Tuzifungue moja baada ya nyingine. Kama yeye ni wa mwisho katika mlango uliojaa, anakanyaga jukwaa baada ya sekunde 70. Tuseme analazimika kutembea mita 100 katika jukwaa lenye watu, kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.2 kwa sekunde: sekunde 85. Kushuka, kuvuka njia ya chini kwa chini na kupanda jukwaa la pili: sekunde 70. Milango hufungwa kabla ya dakika ya kuondoka kutimia, kwa hiyo ongeza sekunde 30. Jumla ni sekunde 255, yaani dakika 4 na sekunde 15, na akiba iliyobaki ni dakika 1 na sekunde 45. Kwa mtu huyu mpango unafanya kazi.

Badilisha mtu. Mzee anayetembea mita 0.7 kwa sekunde atatumia sekunde 143 kwa zile mita 100, na tuseme sekunde 120 kwa njia ya chini kwa chini. Jumla yake ni sekunde 363, na dakika 6 ni sekunde 360. Treni zote mbili zimetimiza wajibu wao bila kuchelewa hata kidogo, na mzee huyu ameachwa kwa sekunde 3. Naona ni wajibu wa mpangaji kulisema hili waziwazi badala ya kulificha ndani ya wastani, kwa sababu muda wa chini wa kubadilishia unaowekwa kwenye mfumo wa kutafutia safari huwa umekwisha kuamua ni mtu wa mwendo gani anayehesabiwa kuwa abiria. Mfumo unaomruhusu mtu kuchagua muda mrefu zaidi wa kubadilisha unampunguzia tatizo, mradi ajue kuwa chaguo hilo lipo.

Mpaka hapa hakuna treni iliyochelewa. Tucheleweshe sasa. Ratiba nzuri haiandikwi kwa muda mfupi kabisa ambao treni inaweza kutumia, bali huongezewa akiba ya njiani. Uswisi kwa kawaida huongeza takriban asilimia 7 juu ya muda huo mfupi. Katika dakika 56 za Zurich hadi Bern, hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 40. Akiba hii haikai mahali pamoja ikisubiri ajali. Imetawanywa njia nzima, na sehemu yake huliwa kila siku na upepo, na reli yenye utelezi wa majani, na sehemu inayokarabatiwa ambako mwendo umepunguzwa, na dereva anayeanza kufunga breki mapema kidogo kuliko kompyuta ilivyodhani.

Tuseme treni imeondoka Zurich ikiwa imechelewa dakika 4, na njiani imefidia dakika 2. Inafika Bern ikiwa na dakika 2 za kuchelewa. Abiria wetu mwenye mwendo wa kawaida alikuwa na akiba ya dakika 1 na sekunde 45, kwa hiyo anafika mlangoni sekunde 15 baada ya kufungwa. Shirika la reli la nchi hiyo, SBB, huhesabu kuwa treni imefika kwa wakati ikiwa imechelewa chini ya dakika 3. Kwenye taarifa ya siku hiyo treni ya Zurich imefika kwa wakati, ya Interlaken imeondoka kwa wakati, na abiria anasubiri nusu saa au saa nzima kutegemea saa ya siku. Hakuna aliyedanganya. Ila kipimo cha treni na kipimo cha abiria ni vitu viwili, na ndiyo maana SBB hupima pia ni miunganisho mingapi iliyofanikiwa, na hupima ucheleweshaji kwa uzito wa idadi ya abiria. Ukisoma takwimu za shirika lolote linalotangaza wakati wa treni peke yake, jua kwamba abiria wanaobadilisha treni hawamo ndani yake.

Jibu linaloonekana kwa haraka ni kupanua dirisha: badala ya dakika 6 wapewe 10. Hebu tulipime kwa namba za mfano. Tuseme kwa dakika 6 abiria 5 katika kila 100 wanaachwa, na kwa dakika 10 anaachwa 1 tu. Treni inayofuata ikija baada ya dakika 60, upanuzi unaokoa wastani wa dakika 2.4 kwa kila abiria, yaani asilimia 4 ya dakika 60. Lakini kila mmoja, hata yule ambaye asingeachwa, amepoteza dakika 4. Kwa wastani watu wamepata hasara. Treni inayofuata ikija baada ya dakika 120, upanuzi unaokoa dakika 4.8 kwa gharama ya 4, na sasa unaanza kulipa. Ikija baada ya dakika 15, hauna maana kabisa. Kwa hiyo swali la dirisha liwe pana kiasi gani halijibiwi pale jukwaani. Linajibiwa na idadi ya treni kwa saa, na ndiyo maana njia rahisi ya kumlinda abiria mara nyingi ni kuongeza treni, wala si dakika.

Hata hivyo sikubali kwamba wastani umalize hoja. Dakika 4 za kukaa kitini na dakika 60 za kusimama jukwaani usiku wa baridi haziumi sawa, na safari ya mwisho ya siku haina dakika 60 wala 120 mbele yake, ina kesho asubuhi. Kwa sababu hiyo, katika reli nyingi treni ya mwisho huruhusiwa kungoja muda mrefu kuliko za mchana, na hapo kazi inatoka mikononi mwa mpangaji na kuingia kwa msimamizi wa mwendo aliye kwenye chumba cha kuongozea treni.

Msimamizi huyo naye hana uhuru mkubwa. Akiizuia treni ya Interlaken dakika 3 kwa ajili ya watu 12 wanaokimbia, mamia waliomo ndani wanachelewa dakika 3, na wale watakaounganisha mbele na treni ndogo za milimani nao wako hatarini. Tena katika mdomo wa stesheni ya Bern, ambako treni za pande nyingi hubanana kwenye reli chache, nafasi ya treni hii inapopita ndiyo nafasi ambayo nyingine ilikuwa inaisubiri nje. Uzuri wa kitovu, kwamba zote hukutana, ndio udhaifu wake pia, kwa sababu kila kungojana hutawanya ucheleweshaji pande zote kwa mkupuo. Anachokiangalia ni kama wanaokimbia wana njia nyingine ya karibu, na kama treni anayoizuia ina akiba ya kutosha mbele kufidia dakika hizo kabla ya kitovu kinachofuata.

Msomaji aliyezoea Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi ataona upande mwingine wa jambo hili. Abiria wa huko hupita ukaguzi wa usalama na wa mizigo kabla ya kuingia stesheni, na stesheni kuu ya Nairobi ipo Syokimau, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo anayefika kwa treni ya mjini ili kuunganisha lazima ahesabu foleni ya ukaguzi kabla ya kuhesabu hatua za miguu. Dakika 6 haziwezekani hapo, hata treni zote zikifika kwa sekunde. Muda wa kubadilishia unaamuliwa na kile kitu kinachomchukua abiria muda mrefu zaidi, na hicho hutofautiana: Bern ni njia ya chini kwa chini, Syokimau ni mashine ya kukagua mizigo.

Mpangaji hujuaje kwamba ameweka dakika vibaya? Haangalii wastani wa mwaka. Anachukua kituo kimoja na kulinganisha ucheleweshaji wa kufika na ule wa kuondoka, treni kwa treni. Ikiwa treni inafika kwa wakati na kuondoka imechelewa sekunde 40, siku baada ya siku, muda wa kusimama ni mfupi, na hakuna haja ya kumlaumu dereva wala abiria. Ikiwa inafika mapema karibu kila mara na kungoja, akiba ya njiani imerundikwa mahali pabaya. Ikiwa inafika imechelewa lakini kumbukumbu zinaonyesha ilisimama kwa taa nyekundu kilomita moja kabla ya stesheni, tatizo haliko kwake, liko kwenye jukwaa ambalo treni iliyotangulia haijaliachia. Na kuna dalili isiyohitaji kompyuta: watu wanaokimbia. Stesheni ambayo abiria wazoefu wanatoka mlangoni wakiwa tayari wanakimbia, hata siku ambayo hakuna kilichochelewa, ni stesheni yenye dirisha jembamba.

Mpaka wa Basel unaonyesha jambo hili likifika mwisho wake. Treni za masafa marefu za Ujerumani huingia Uswisi hapo na kutakiwa kujipenyeza katika ule mpangilio wa dakika. Mwaka 2024 asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Ujerumani zilifika kwa wakati, na huko "kwa wakati" ni chini ya dakika 6, yaani mara mbili ya kipimo cha Waswisi. Treni inayofika Basel imechelewa sana hukatishwa hapo, abiria wake hushushwa, na treni ya Uswisi huondoka kwa dakika yake kama kawaida. Mtu aliyekata tiketi ya moja kwa moja anajikuta anabadilisha treni ambayo hakuwa na mpango wa kuibadilisha. Kwake ni adha, na sioni sababu ya kuipamba. Lakini kumruhusu apite bila kushuka kungegharimu dirisha la Bern, la Olten na la Zurich kwa maelfu ya watu ambao hawajawahi kupanda treni ya Ujerumani.

Na hata Waswisi wenyewe wamelazimika kurudi kwenye hesabu. Tarehe 15 Desemba 2024 walibadilisha kwa upana ratiba ya magharibi mwa nchi, upande wa Geneva na Lausanne, ambako ujenzi ni mwingi na treni zilikuwa zikichelewa. Safari kadhaa ziliongezewa dakika ili ratiba iwe inayotimizika. Treni za moja kwa moja kutoka Geneva hadi Neuchâtel ziliondolewa, na abiria wa njia hiyo sasa hubadilisha Renens, kabla tu ya Lausanne. Zamani alikaa kitini tangu Geneva, na muda wa kusimama wa vituo vya njiani haukumhusu. Sasa safari yake nzima inategemea dirisha moja ambalo halikuwepo, na atakayeamua kama mabadiliko yale yamemfaa ni yeye, anaposhuka Renens asubuhi ya mvua na kuangalia kama treni ya pili bado imesimama.